Kwa Mama Neema

Mama Neema, salamu sana. Ni mimi, Mama Baraka. Huenda namba yangu uliifuta, ndiyo maana nimejitaja mapema, uamue mwenyewe kama utaendelea kusoma. Naomba uendelee.

Tangu Februari hatujasemezana. Pale Toi kibanda chako kimepata mtu mwingine, anauza viatu vya watoto, lakini wateja wako hawajakusahau. Wanasimama kwangu wakimuulizia yule dada wa sweta, nami nawaelekeza Kawangware. Sijui kama wanakufikia. Natumaini wanakufikia.

Sikukuu ya Madaraka nilikuona. Ulikuwa steji, ng'ambo ya barabara, unabishana na makanga juu ya nauli ya mzigo, Neema amekushika sketi. Amerefuka huyo mtoto! Nilisimama palepale mpaka gari likaondoka na sikukuita. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko hata maneno ya Februari.

Wacha nije kwenye kisa chenyewe, maana nikikizungukazunguka utaniona mnafiki. Uliniletea fomu ya sako nikudhamini, mkopo wa kufungua duka mjini, nikasema siwezi. Ukasema mbele ya wenzetu wa chama kwamba nakuonea wivu, kwamba nataka tuzeeke sote kwenye vumbi. Yaliniuma, Mama Neema, sitakuficha. Na naelewa jinsi lile "siwezi" tupu lilivyokuchoma, kutoka kwa mtu uliyemwona kama ndugu.

Sababu yenyewe hukuwahi kuisikia. Sako unaijua: ukimdhamini mtu, akiba yako inashikiliwa mpaka amalize deni, na akishindwa wanakata kwako. Akiba yangu ilikuwa imeshashikiliwa kwa ajili ya mkopo wa ndugu yangu, na ndugu yangu alikuwa ameacha kulipa. Siku ileile ulipokuja na fomu, barua ya kuanza kukatwa ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimeikunja mara nne. Hata ningetia sahihi, ofisi ingekurudishia fomu. Na mambo ya nyumbani kwetu nisingeyamwaga mbele ya chama kizima, we mwenyewe unawajua wale wenzetu.

Nikuambie na lililobaki, ili tusije tukapatana nusunusu. Hata akiba yangu ingekuwa huru, ningekuomba uanze na mkopo mdogo. Duka la mjini linataka gudwili kabla hujapewa ufunguo, halafu kodi, halafu leseni ya kaunti, na sweta haziendi mwezi wa Januari kunapochoma. Hayo ndiyo maoni yangu mpaka leo. Si lazima uyakubali. Kwani tumeshabishana mara ngapi, wewe na mimi? Tulikuwa tunazozana Gikomba alfajiri juu ya belo la kununua, hadi muuzaji anatutuliza, na saa nne tuko pamoja tunagawana chapati. Fomu niliikataa. Wewe mwenyewe ningekukataaje?

Mama alipolazwa Kenyatta, ni wewe uliyesimamia vibanda vyote viwili. Kila jioni ukanitumia pesa yangu kwa M-Pesa bila kupungua hata shilingi, na siku moja ukaniandikia: "Ile sweta ya kijani imeenda mia tatu. Alitaka mia mbili nikamwambia hiyo ni ya Mama Baraka." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, sijala tangu asubuhi. Ujumbe huo ninao bado kwenye simu. Nimebadilisha simu, lakini ujumbe nikauhamisha.

Mama amepata nafuu, Mungu ni mwema. Kila nikimpigia ananiuliza, "Na mwenzako?" Namjibu yuko salama. Sitaki tena kumjibu kwa kukisia.

Sikuombi turudi kufanya biashara pamoja, wala sihitaji uniambie lolote kuhusu yale ya chama. Pia sitamtuma mtu aje kutupatanisha, sisi ni watu wazima. Nataka tu tukae tuongee, unieleze duka limefikia wapi, nikueleze ya ndugu yangu mpaka mwisho, maana hakuna mwingine niliyemweleza. Ukiwa bado na uchungu, njoo nao hivyohivyo, nitausikiliza.

Jumamosi nitafunga mapema. Kuanzia saa tisa nitakuwa Adams, kile kibanda cha chai nyuma ya steji, unakijua. Njoo na Neema. Kuna koti jekundu nilimwekea tangu baridi ilipoanza, na kwa nilivyomwona litamtosha mwaka huu tu. Kama Jumamosi una kazi, Jumapili baada ya kanisa niko nyumbani kutwa. Na kama hutaki kuja bado, niandikie hata neno moja nijue umesoma.

Mama Baraka