Taarifa ya kundi la wateja walioanza ARV Julai–Septemba 2023, baada ya miezi 12

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Nakala: Mganga Mfawidhi, Mratibu wa UKIMWI wa Wilaya
Kutoka: Ofisa takwimu, kliniki ya tiba na matunzo
Tarehe: 21 Oktoba 2024

Baada ya miezi 12, wateja 68 kati ya 86 walikuwa bado kwenye tiba (asilimia 79). Wanne walifariki, wawili waliacha dawa na kutuambia, 12 wamepotea. Kati ya waliobaki, 53 wana majibu yanayoonyesha virusi vimefubaa.

Kundi lilivyopatikana

Rejesta ya ARV ina mistari 97 ya miezi hiyo mitatu. Niliondoa sita: watu waliopoteza kadi wakaandikishwa upya kwa namba nyingine. Niliondoa watatu waliokwisha kuanza dawa kwingine wakaandikwa hapa kama wapya. Wakabaki 88. Niliongeza saba waliohamia kwetu wakiwa wameanza dawa ndani ya miezi hiyo hiyo, nikatoa tisa waliohama na kupokelewa kwingine. Ndio 86.

Kila mteja amepimwa siku aliyotimiza miezi 12 yake mwenyewe. Aliyepotea ni yule ambaye siku hiyo alikuwa amepitisha miadi kwa zaidi ya siku 90. C2 ni tarehe ya kuanza dawa. G2 ni miadi ya mwisho aliyopewa kabla ya siku hiyo:

```
=IF(EDATE(C2,12)-G2>90,"POTEA","YUPO")
```

Jedwali la awali lilitumia `TODAY()`, kwa hiyo idadi ya waliopotea ilibadilika kila faili lilipofunguliwa. Kwa kigezo cha siku 28, watatu zaidi wangehesabiwa wamepotea, na waliobaki wangekuwa 65 (asilimia 76).

Waliopotea

Rejesta peke yake ilionyesha 21. Tulifungua kadi za CTC2 moja moja na kupiga simu kliniki za jirani. Watano walikuwa wamehama na wanaendelea na dawa. Wawili wamefariki, taarifa zao zililetwa na ndugu lakini hazikuvuka kutoka kwenye faili kwenda rejesta. Wawili walikuwa wamepewa dawa za miezi sita huku rejesta ikiandika mwezi mmoja. Kabla ya usahihishaji waliobaki walisomeka 66 kati ya 91, yaani asilimia 73. Naomba kupanda hadi 79 kusisomwe kama mafanikio ya huduma. Tumehesabu vizuri zaidi, basi.

Katika 12 waliosalia, wanane hawakufikisha miezi mitatu. Wanaume ni saba kati ya 34 walioanza, wanawake watano kati ya 52. Sita kadi zao zinasema wabeba mizigo au wafanyabiashara wa nafaka. Julai hadi Septemba soko la Kibaigwa limejaa mahindi na watu wa kila upande. Mahindi yakipungua, nao huondoka. Anwani waliyotupa ilikuwa ya chumba cha kupanga. Kwa watu hawa, kumtuma mhudumu wa jamii kijijini ni kumchosha bure. Kilichotakiwa ni barua ya uhamisho na dawa za kutosha safari, siku ile ile ya pili au ya tatu ya kliniki.

Wingi wa virusi

Waliokuwa kwenye tiba wote walipaswa kuwa wamepimwa mwezi wa sita tangu waanze dawa. Majibu yapo ya 57. Chini ya nakala 1,000 kwa mililita ni 53, na 45 kati yao wako chini ya 50.

| Kigawanyo | Waliofubaza | Asilimia |
|---|---|---|
| Wenye majibu, 57 | 53 | 93 |
| Walio kwenye tiba, 68 | 53 | 78 |
| Kundi lote, 86 | 53 | 62 |

Ile 93 ndiyo iliyobandikwa ukutani. Si ya uongo, ila haijui chochote kuhusu 11 wasio na majibu: saba hawakuchukuliwa sampuli, wanne sampuli zilikwenda maabara na majibu hayamo kwenye faili.

Wanne wana virusi juu ya 1,000. Watatu wamemaliza vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi na wanasubiri kipimo cha marudio; mmoja hajaanza, miadi yake ni tarehe 24.

Yanayofanyika sasa

Muuguzi wa kliniki anachukua sampuli za wale saba kila mmoja anapokuja kuchukua dawa, wa mwisho ana miadi tarehe 15 Novemba. Majibu manne nitayafuata maabara mwenyewe wiki hii. Kati ya waliopotea, tisa wana namba za simu. WAVIU washauri watapiga, na akipokea mtu mwingine wataomba tu mteja apige akipata nafasi, bila kutaja kliniki. Kuanzia Novemba, kila Ijumaa vifo na uhamisho vinahamishwa kutoka faili kwenda rejesta kabla ya kufunga.

Ombi moja: kituo kina simu moja ya ofisi, na muda wa maongezi uliisha Agosti.