Xaxa na sasa: mabishano ya kimbwetani

*Chuo Kikuu cha Dodoma, Jumamosi jioni. Neema na Yohana wako mwaka wa tatu, wote walimu watarajiwa wa Kiswahili. Neema amekuja mara moja kutoka Chamwino, anakofanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya kata. Mkononi ana insha za kidato cha pili. Upepo unavuma, hivyo karatasi zimewekewa simu juu.*

NEEMA: Soma hapa mwenyewe, halafu uniambie tena kwamba uandishi wa meseji hauharibu Kiswahili, eti ni rejesta tu, namna ya kuandika kulingana na mtu na mahali.

YOHANA: (*anasoma*) "Cku iyo mimi na kaka angu 2likuwa 2natoka mnadani. 2kaona ng'ombe ameanguka korongoni, cjui alisukumwa na nani. Baba akasema uyo ng'ombe ni wa kwetu, ela ya ada itatoka wapi." Huyu mtoto anajua kusimulia bwana!

NEEMA: Anajua, ndiyo maana inaniuma. Insha nzuri, lakini imeliwa na simu. Sarufi imekufa pale.

YOHANA: Sarufi? Hebu twende taratibu. "2likuwa 2natoka." Hiyo 2 imesimama pahali pa nini?

NEEMA: Pa tu-. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi.

YOHANA: Na kimekaa panapotakiwa, kabla ya njeo, tena mara mbili, kwenye kitenzi kisaidizi na kwenye kitenzi kikuu. Ng'ombe ameanguka, si limeanguka. Uyo ng'ombe ni wa kwetu, si ya kwetu. Upatanisho umetimia. "Cjui" nayo ni si-jui, ukanushi uko palepale. Sarufi haijaguswa, Neema. Kilichoguswa ni tahajia.

NEEMA: Na "iyo", "uyo", "ela", "kaka angu"?

YOHANA: Hayo ndiyo makosa ya kweli, na hayakutoka kwenye simu. Kudondosha h kulikuwepo kabla hatujazaliwa. Anaandika anavyotamka. Ukimnyang'anya simu leo, kesho atakuandikia "ela" vilevile.

NEEMA: Sawa, tahajia. Lakini tahajia si jambo dogo. Kiswahili hiki kilihangaikiwa, ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kusanifisha mwaka 1930 ili mtu wa Mombasa na wa Kondoa wasome ukurasa mmoja. Halafu lugha yetu inategemea irabu. Niandikie "ametka" uniambie nimesema nini. Ametoka? Ametaka? Ameteka?

YOHANA: Nani anaandika "ametka"?

NEEMA: Watu wanakula irabu kila siku.

YOHANA: Wanakula zile zisizoumiza. Fungua grupu la darasa letu. (*anachukua simu, karatasi inataka kuruka, Neema anaikamata*) Kiongozi wetu wa darasa, jana: "Mwl kasema kesho kipind hakna, 2kutane jtatu saa 4." Amekata i ya mwisho ya kipindi na u ya hakuna. Kuna neno jingine ungeweza kulisoma pale? Hakuna. Kwenye "kasema" na "kesho" hajakata hata herufi, kwa sababu pangeleta utata. Hakufundishwa na mtu, lakini anafuata kanuni. Na wazee wetu waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu karne na karne, alama moja ikisomwa i au e, nyingine u au o. Msomaji aliyejua lugha hakupotea.

NEEMA: Wale walikuwa na sababu, hati waliyokuwa nayo ndiyo hiyo. Hawa wa meseji wana sababu gani ya kuandika "xaxa" badala ya "sasa"? Sasa na xaxa zina herufi nne nne! Wamefupisha nini?

YOHANA: Vidole. Chukua kitochi. S iko kwenye 7, ya nne baada ya p, q na r. Unabonyeza mara nne. X iko kwenye 9, mara mbili tu. Sasa ni mibonyezo kumi, xaxa ni sita. "Si" ni mibonyezo saba, c ni mitatu. Na meseji moja mwisho wake herufi 160, ukizidisha unalipia ya pili. Hapo utaandika "sijui" kwa raha?

NEEMA: (*anahesabu kwa kidole mezani*) Kumi… sita. Haya, kweli. Lakini kitochi kilikuwa enzi hizo. Leo wako Wasapu, s ni mguso mmoja na herufi hazihesabiwi. Mbona x bado ipo?

YOHANA: Sababu ya kwanza imekwisha, imebaki mtindo. Ukimwandikia rafiki yako "xaxa" umemwambia kwamba mko rika moja na hamna urasmi. Ukimwandikia mama mkwe hivyo umekosa adabu. Njia ya kuandika inayochagua mtu na mahali ndiyo tunaiita rejesta.

NEEMA: Umeimeza notsi yote ya isimujamii. Kuna utafiti, au ni maneno ya kimbwetani?

YOHANA: Upo. Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, mwaka 2009 walitoa matokeo kwamba watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili waliotumia vifupisho zaidi ndio waliokuwa wakisoma vizuri zaidi.

NEEMA: Na mwaka 2012 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, wakakuta kinyume: waliozoea vifupisho walipata chini kwenye mtihani wa sarufi. Mimi pia nimesoma notsi, Yohana. Na wote hao walipima Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni vita hata bila simu.

YOHANA: Hapo tuko sare.

NEEMA: Hatuko sare, sijamaliza. Juzi nilimwita huyu mtoto wa ng'ombe. Sikumgombeza. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hapa umeandika mbili?" Akanitazama, akasema, "Madamu, si ndivyo inavyoandikwa?" Hakuwa mkaidi. Nyumbani kwao hamna kitabu hata kimoja, darasani wanagawana kimoja watu kadhaa, maandishi anayosoma kila siku ni ya simu ya kaka yake. Wewe ukiandika "cjui" unajua unacheza, kwa sababu "sijui" unayo mfukoni. Yeye hana. Rejesta ni kuchagua. Mwenye moja anachagua nini?

(*Yohana ananyamaza. Hoja hii ndiyo iliyobeba mabishano yote, na ilitoka kwa mtu aliyesimama darasani.*)

YOHANA: Hapo umenishika. Lakini basi ugonjwa si vifupisho, ni ukosefu wa ile rejesta nyingine, ya Kiswahili sanifu.

NEEMA: Nakubali. Ila mtihani wa taifa hautamuuliza ugonjwa ni nini, utamkata alama.

YOHANA: Sasa utafanyaje? Utapiga marufuku?

NEEMA: Nilitaka kuwapa meseji waigeuze kuwa barua rasmi.

YOHANA: Anza kinyume. Wape barua kamili ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa, waigeuze kuwa meseji kwa rafiki. Watacheka, watashindana kukata. Halafu waulize wamekata nini na kwa nini hawakukata kingine. Wakishataja tu-, si- na irabu kwa midomo yao, wape meseji waipandishe kuwa barua.

NEEMA: Na "ela" na "uyo"?

YOHANA: Kipindi kingine kabisa. Usivichanganye, wataona vyote ni kosa la simu.

NEEMA: Kidato cha pili B ninao Jumatano, vipindi viwili mfululizo. Dakika themanini.

YOHANA: Zinatosha. Barua iwe ya nini?

NEEMA: Ruhusa ya kwenda mnadani kumsaidia baba kuuza ng'ombe. Nipe kalamu, niandike andalio la somo kabla giza halijaingia.