Barua ya Kusitisha Ajira

Nkuhungu, Dodoma
1 Agosti 2025

Bi. Neema Yohana,

YAH: KUSITISHA AJIRA YAKO KUANZIA 31 AGOSTI 2025

Dada Neema, barua hii inafuatia mazungumzo yetu ya Jumapili, tarehe 27 Julai, ulipokuja kukaa nasi na shangazi yako. Ninayaandika ili uwe nayo mkononi, na mtu yeyote akikuuliza kwa nini uliondoka kwetu, usome hapa.

Kazi yako inaisha kwa sababu kazi yenyewe haipo tena. Ulikuja tarehe 1 Machi 2021 kumhudumia mama. Sasa mama amehamia Iringa kwa kaka yangu, na Joan yuko bweni. Ulituuliza kama unaweza kubaki kwa siku tatu kwa wiki. Tulipiga hesabu mimi na baba Joan, hatuwezi kukulipa mshahara unaokutosha kwa siku hizo. Hukufanya kosa. Hujawahi kupewa onyo, na hakuna kilichopotea nyumbani kwetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Notisi yako inaanza kesho. Utafanya kazi kama kawaida hadi tarehe 31, lakini Jumatano na Jumamosi uwe huru kutafuta kazi nyingine, na siku hizo hazikatwi.

Mshahara wako ni shilingi 156,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 6,000. Malipo yako ya mwisho ni haya:

Mshahara wa Agosti: 156,000
Likizo ya tangu Machi mwaka huu, siku 14: 84,000
Likizo ya mwaka 2022, siku 28: 168,000
Kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, miaka 4: 168,000
Nauli yako na mizigo hadi Kibakwe, pamoja na chakula cha njiani: 45,000
Jumla: shilingi 621,000

Hiyo likizo ya 2022 hukuidai, ila mimi sijaisahau. Mama alikuwa amelazwa, ukalala naye wodini, na mwaka ukapita hujaenda kwenu hata mara moja. Ilikuwa haki yako tangu wakati ule na nilipaswa kuilipa mapema. Nisamehe kwa kuchelewa.

Ile shilingi 50,000 uliyokopa mwezi wa sita kwa ajili ya bati za nyumba ya mama yako siikati. Mchango wa NSSF wa Agosti nitaulipa wote mimi, shilingi 31,200, kama tulivyozoea. Ukifika ofisi yao yoyote na kitambulisho chako, omba taarifa ya michango uhakikishe kwamba kila mwezi umeingia.

Fedha nitakutumia Jumamosi tarehe 30 Agosti kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na ya kutolea nitaongeza juu. Sitaituma kwa mtu mwingine, hata akiwa ndugu, mpaka uniambie mwenyewe.

Cherehani uliyojifunzia ni yako. Ni zawadi kutoka kwa mama, haimo kwenye hesabu hiyo wala haipunguzi chochote. Baba Joan atakupeleka stendi na mizigo yako asubuhi utakayochagua. Begi lako halitakaguliwa na mtu. Najua mtaani kwetu wapo wanaofanya hivyo dada anapoondoka, na linaniuma. Mtu aliyemlisha mama yangu mlenda kwa kijiko miaka minne hatoki kwangu akifunguliwa nguo zake.

Pamoja na malipo utapata cheti cha utumishi chenye tarehe zako na kazi ulizofanya: kumhudumia mzee, kupika, usafi na malezi ya mtoto. Mwajiri mpya akitaka kunipigia, mpe namba yangu, nitamweleza ninayoyajua.

Kama unaona hesabu ina kosa, niambie wakati wowote mwezi huu, peke yako au na shangazi. Tusipoelewana kuhusu kuachishwa kwako, una siku 30 tangu ajira iishe kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Dodoma. Ukienda sitakuchukia, na cheti chako utakuwa umekwishapata.

Nakala ziko mbili, moja yako na moja yangu. Kusaini kwako kunaonyesha tu kwamba umeipokea barua. Si kwamba umekubali kila kilichomo. Chukua muda, isome na shangazi kwanza.

Mama anauliza kila akipiga simu kama utapita Iringa kumwona. Nauli ya safari hiyo ni juu yetu, ukipenda.

Asante, dada.

Rehema Msigwa (Mama Joan)
Mwajiri

Nimepokea nakala yangu leo, 1 Agosti 2025:
Neema Yohana