Jeni inayotawala na inayojificha: mfano wa ualbino

Jamani, kila mtu ana jeni mbili za rangi, jeni A inatengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, na inatawala, ikiwepo moja tu ngozi inapata rangi, ila jeni a inajificha mpaka zikutane mbili ndo mtoto anazaliwa na ualbino. Chukua baba Aa na mama Aa, wote weusi kabisa, mbegu za baba weka juu, mayai ya mama pembeni:

```
     A    a
A   AA   Aa
a   Aa   aa
```

Ona aa, a moja ya baba na moja ya mama, kwahiyo kumlaumu mama peke yake ni uonevu mtupu. Ni 25% kwa kila mimba, sio eti mkishampata mmoja watatu wanaofuata wako salama, hapa wengi mnaanguka. Baba akiwa AA na mama aa, watoto wote Aa, chora uone.