Dondoo ya slaidi 36: Maji ya mvua yabaki shambani

Shikamoo bwana shamba,

Hii ndiyo dondoo ya slaidi za mafunzo ya Jumanne pale Kongwa, kila slaidi sentensi moja. Ichapishe karatasi moja, mbele na nyuma, ukae nayo mkononi. Msimu uliopita mama mmoja aliuliza habari za kisiki hai tukiwa bado kwenye mmomonyoko. Mtoa mada alipeleka slaidi mbele, akarudi nyuma, akapeleka mbele tena, swali likapoa na yule mama hakunyoosha mkono tena siku ile. Sitaki litokee tena.

Sikunakili vichwa vya slaidi, maana vinne vimeandikwa "Mmomonyoko" tu na havikusaidii kuchagua. Nimeandika kile ambacho slaidi inasema. Ukiwa kwenye onyesho, andika namba ya slaidi kwenye kibodi kisha bonyeza Enter, utafika moja kwa moja. Za 34 hadi 36 nimezificha, lakini ukiandika namba yake inafunguka.

Mvua yetu na udongo wetu (1–8)

1. Jina la mafunzo na picha ya shamba la mtama baada ya mvua.
2. Swali la kufungulia: mvua ya mwisho ilipokunyeshea, maji ya shambani kwako yalikwenda wapi?
3. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili.
4. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo ekari moja hupokea zaidi ya lita milioni mbili kwa mwaka.
5. Tone la mvua hupasua udongo ulio wazi, chembe laini huziba matundu, na juu hubaki ukoko usiopitisha maji.
6. Picha mbili: udongo uliofunikwa na mabua na udongo uliobaki mtupu, mvua ileile.
7. Udongo wa juu huondoka kidogokidogo bila mtu kuona, mpaka siku mizizi inapoonekana juu ya ardhi.
8. Kijifereji cha mwaka huu kisipozibwa, ndicho korongo la baadaye.

Slaidi ya 4 nakuomba usiikimbie. Wakulima wengi wamezoea kusikia kwamba Dodoma haina mvua, na mtu akishaamini hivyo haoni sababu ya kuchimba tuta. Wafanyie hesabu kwa ndoo ya lita 20: ni zaidi ya ndoo laki moja kwa ekari. Nyamaza kidogo hapo. Kisha rudi kwenye swali la slaidi ya 2, sasa watalijibu kwa namna nyingine.

Tulikotoka (9–13)

9. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapahapa Kongwa, na mwaka 1951 wakauacha.
10. Mvua haikutabirika, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kushinda mashine.
11. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, baada ya makorongo kula maeneo makubwa.
12. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa, uoto ukarudi, lakini mzigo wa kuhama waliubeba wafugaji.
13. Picha ya korongo la Kondoa.

Muda ukibana, ruka kutoka 9 hadi 14. Ila sentensi ya 12 isitamkwe nusu: ukumbini watakuwepo wafugaji, na wana haki ya kusikia pande zote mbili.

Kazi ya shambani (14–27)

14. Kazi huanzia juu ya mteremko, kwa sababu maji yakishapata kasi hakuna tuta litakaloyazuia huko chini.
15. Fremu ya A ni miti miwili mirefu iliyofungwa juu, mmoja mfupi wa kukata katikati, na uzi wenye jiwe.
16. Simamisha fremu, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa.
17. Piga kigingi kila mguu unapotua, ukifuata usawa hadi mwisho wa shamba.
18. Matuta yaliyofungwa kwa vituta vifupi vya kukingama huyafanya maji yasimame kwenye vyumba vidogo badala ya kutembea.
19. Fanya juu: chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu.
20. Fanya chini: mtaro uleule, udongo upande wa chini, kazi nyepesi zaidi.
21. Mashimo ya Chololo, yenye jina la kijiji cha hapa Dodoma, hukusanya maji na samadi pale penye mbegu tu.
22. Samadi iwe imeoza vizuri, mbichi huunguza mche.
23. Makingamaji ya nusu duara ni ya malisho yaliyokufa, na mdomo wake huangalia juu ya mteremko.
24. Korongo hutibiwa kuanzia kichwani, kwa mawe, miiba na magunia ya mchanga.
25. Mabua yakiachwa shambani hufunika udongo, kwa hiyo kijiji lazima kikubaliane lini mifugo iingie.
26. Tuta lisilofuata usawa hukusanya maji sehemu moja, likapasuka, na uharibifu ukazidi wa awali.
27. Picha ya tuta lililopasuka.

Za 15 na 16 hazieleweki ukutani hata uzisome mara tatu. Nimeshafunga fremu, miti ni ya urefu wa mita mbili, iko nyuma ya gari pamoja na kamba na jiwe. Zima projekta, toka nao nje, mpe kijana mmoja aigeuze mwenyewe. Akiona alama mbili haziangukiani ndipo atajua kwa nini tunagawa katikati. Mkirudi ndani, andika 18.

Kisiki hai (28–33)

28. Shamba linaloonekana tupu mara nyingi lina visiki ambavyo mizizi yake bado iko hai.
29. Chagua machipukizi machache yenye afya na yaliyonyooka, mengine yakate.
30. Punguza matawi ya chini ya yale uliyoyabakiza.
31. Funga kitambaa ili mpita njia na mchungaji wajue kwamba mti huu una mwenyewe.
32. Linda, na rudi kupogolea kila machipukizi mapya yanapotoka.
33. Picha ya mgunga, kutoka kisiki hadi kivuli.

Swali la kisiki hai likija mapema, nenda 28 papo hapo, kisha rudi ulikokuwa. Usimwambie aliyeuliza asubiri.

Zilizofichwa, za maswali tu (34–36)

34. Paa la bati la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 550 na tukikadiria kwamba sehemu ya tano itapotea, hutoa lita 22,000.
35. Tembe lenye paa la udongo halivuni maji hivyo, kwa hiyo mwenye tembe aanze na mashimo ya Chololo.
36. Kalenda ya kazi: kupima usawa na kuchimba kati ya Agosti na Novemba, kupanda mvua zikianza, kukarabati matuta baada ya kila mvua kubwa.

Ukihamisha slaidi yoyote kabla ya Jumanne, nitumie ujumbe hata usiku, nirekebishe namba na kuchapisha upya kabla hatujaondoka mjini.