Kozi ya Kitaliano Michenzani: mwalimu hodari, masharti ya ada mabovu

Nimesoma Kitaliano ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza, kwenye kituo kimoja cha binafsi Michenzani, Zanzibar, kwa ajili ya kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kwa ufundishaji, nawapa heko. Mwalimu haanzi na sarufi. Anakukalisha na mwenzako, wewe muuza viungo, yeye mgeni, mnapatana bei kwa Kitaliano mpaka ulimi ulainike. Ukikosea kitenzi hakukatizi. Anaandika ubaoni, kisha mnasahihisha pamoja. Sasa naeleza karafuu na mdalasini bila kushika karatasi.

Tatizo ni darasa. Tuliahidiwa watu 10, tukajaa 23 na feni moja. Wa nyuma hawapati zamu ya kuzungumza, na lugha usiyoizungumza huipati. Vitabu ni fotokopi zilizofifia, sauti za kusikiliza hakuna.

Kilichoniuma zaidi ni ada. Mwenzangu alihamishiwa kazi Nungwi wiki ya kwanza tu, akaomba arejeshewe japo nusu. Akaambiwa pesa ikishalipwa hairudi, ilhali risiti yake haikuandikwa hivyo. Kabla hujalipa, dai masharti ya kurejeshewa kwa maandishi yenye muhuri, na uombe kukaa kipindi kimoja uhesabu wanafunzi mwenyewe.