Tathmini ya Wasifukazi wa Mwombaji Namba 14: Afisa wa Rasilimali Watu, Nakuru

Kwa wanakamati wa uajiri,

Nimesoma wasifu huu nikiwa na tangazo letu mkononi. Tunatafuta mtu mmoja wa kushika uajiri, mishahara, sheria za kazi na utunzaji wa rekodi kwa wafanyakazi 130, wengi wao vibarua, na hatakuwa na msaidizi. Kwa hiyo sikutazama ni maneno mangapi ya tangazo yamerudiwa katika wasifu. Nilitafuta kazi alizozifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Pendekezo langu ni aitwe kwa mahojiano, lakini kwanza apewe jaribio la mishahara.

Nguvu yake iko kwenye sheria za kazi. Tangu 2021 yuko katika kiwanda cha sukari huko Magharibi, na anaeleza jinsi anavyoendesha kesi za nidhamu: barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze, muda wa kujibu, kikao ambacho mfanyakazi huja na mwenzake au mwakilishi wa chama, kumbukumbu zilizotiwa saini, kisha uamuzi. Huo ndio utaratibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, naye hata namba ya kifungu hakuitaja. Mtu aliyekariri angeitaja, huyu ameuishi. Anaandika pia kwamba aliwapa mikataba wakata miwa waliokuwa wakilipwa kwa siku ilhali wamefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi. Kifungu cha 37 kinagusa jambo hilo hilo, na sisi tuna vibarua wa namna hiyo kwenye ghala. Eneo hili nimempa alama 22 kati ya 25.

Uajiri sina shaka nao. Ametangaza nafasi, amechuja maombi, amepanga mahojiano na kuwapokea wageni kazini. Alama 19. Ningependa kujua waajiriwa wake walidumu muda gani, maana wasifu hausemi.

Kwenye mishahara ndipo nilipokwama. Kwingine kote anaandika "niliendesha" na "niliandaa", lakini hapa ni "nilisaidia". Halafu anasema kazi yake ya sasa ni pamoja na kuwasilisha makato ya NHIF na NSSF. Tangu Oktoba 2024 wafanyakazi hukatwa SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote, na NHIF haipo tena. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri, haujatajwa popote. Huenda hakuupitia wasifu kabla ya kuutuma. Mimi naona zaidi kwamba mhasibu ndiye anayeandaa mishahara na yeye humpelekea majina. Alama 10. Kwetu hakuna mhasibu wa kumfunika, na PAYE inapaswa kufika KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita.

Jaribio liwe fupi. Apewe mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 38,000 mwenye mkopo wa sako, aandae hati yake ya malipo. SHIF iwe 1,045, ushuru wa nyumba 570, NSSF 2,280, kisha PAYE. Mwisho aonyeshe kama makato yote pamoja na mkopo hayajavuka theluthi mbili ya mshahara. Anayeijua kazi hii hahitaji zaidi ya nusu saa.

Kuhusu rekodi, anasema alipanga upya mafaili ya wafanyakazi na kuyaingiza kwenye kompyuta. Ni kazi nzuri. Lakini kama kielelezo ameambatisha hati ya malipo ya mwenzake, yenye jina, namba ya PIN na akaunti ya benki, bila kufuta chochote. Jambo hili limenisumbua kuliko hayo ya mishahara, kwa sababu makato hufundishika kwa wiki chache. Mtu huyo hakujua kwamba mshahara wake ungesomwa Nakuru na watu asiowafahamu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Nimeuondoa ukurasa huo kwenye nakala zenu, nao usisambazwe. Alama 12.

Jumla ni 63 kati ya 100. Ametoa namba yake ya uanachama wa IHRM lakini hakuambatisha leseni ya mwaka huu. Karani aithibitishe kabla hatujampigia simu.

Kwenye mahojiano naomba swali la kwanza liwe la hiyo hati ya malipo. Aulizwe aliipata vipi, nani alimruhusu, na kwetu angewaruhusu akina nani kufungua mafaili. Akikiri kosa na kueleza mpangilio unaoeleweka, na jaribio likienda vizuri, nitamuunga mkono. Akilichukulia kuwa jambo dogo, tumwite mwombaji namba 9, ambaye sheria anaijua kiasi tu lakini mishahara ameiandaa mwenyewe.

Mkuu wa Utawala